Jumanne Hatuchemshi

Kama hujawahi kutoka shimoni, huwezi kujua raha ya ndoo ya maji ya moto. Mchimbaji akipanda kutoka kwenye duara, yaani shimo lenyewe la dhahabu, vumbi limemwingia mpaka nyuma ya masikio, na kitu cha kwanza anachokitaka si chakula wala bia. Anataka kuoga. Ndiyo maana pale machimbo ya Kasubuya, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Kalangalala, Martina aliendesha biashara ambayo watu wa mjini Geita wangeicheka: vibanda vinne vya mabati visivyo na paa, mapipa mawili juu ya mafiga, na ndoo moja ya maji ya moto kwa shilingi elfu, sabuni ya kipande juu yake.

Alikuwa na bafu lile kwa mwaka wa tatu sasa, na katika miaka yote hiyo moto wake haukuwahi kuzimika mchana hata siku moja. Alfajiri saa kumi na moja ulikuwa unawaka. Saa saba mchana, jua likichoma mabati mpaka yanalia, ulikuwa unawaka. Jumatatu mpaka Jumapili, masika na kiangazi. Wachimbaji ni watu wa imani nyingi, na mojawapo ilikuwa hii: ukitoka shimoni ukakuta bafu lina majivu ya baridi, umepewa nuksi, na duara lako halitatema dhahabu mwezi mzima. Aliyekutana na majivu ya baridi kwako hakurudi tena. Alihamia kwa Bhoke, kule chini kwenye mialo wanakooshea mchanga, ambako maji yalikuwa vuguvugu tu lakini moshi haukukatika.

Kwa hiyo Martina aliulisha moto kuni kama mtu anayelea mtoto. Na mtoto wake mwenyewe hakuwa naye.

Juliana alikuwa Ushirombo kwa bibi yake, mama mzazi wa Martina. Alipelekwa huko akiwa na miaka mitano, baba yake alipofuata dhahabu nyingine mbali na asirudi, na Martina akaona kwamba machimbo si mahali pa kumfundishia mtoto kusoma. Ilikuwa iwe miezi sita. Sasa Juliana alikuwa darasa la pili. Kutoka Geita mpaka Ushirombo ni kama saa tatu za barabarani, ukipata gari lisilongoja kujaa, na Martina alikuwa amekwenda mara nne. Krismasi mbili, msiba mmoja, na siku moja ambayo aliiba tu, akaenda, akarudi jioni hiyohiyo roho juu akiwaza moto.

Alimpenda yule mtoto mpaka mwili ukamuuma. Tusizungukezunguke hapo. Usiku alilala na gauni lake la zamani chini ya mto, gauni la mtoto wa miaka mitano, na kila mara alipolishika alikumbuka kwamba Juliana wa sasa halimwingii hata mkono. Alijua sauti yake ya simu kuliko uso wake. Mtoto alikuwa na maneno mapya kila wiki, maneno ya Kisumbwa aliyoyaokota kwa bibi, na Martina aliyasikia kwa mbali huku mtu anagonga bati akidai ndoo yake.

"Utakuja lini, mama?"

"Nikipata nafasi, mwanangu. Biashara haina siku ya kupumzika."

Alisema hivyo mara nyingi sana, na aliamini.

Aliyemtoa kwenye imani hiyo hakuwa msomi wala afisa biashara. Alikuwa Bartholomeo, muuza maji, mtu mrefu mwenye maneno machache na toroli lenye madumu kumi. Asubuhi moja ya Jumatano alifika, akachungulia mapipa, akatikisa kichwa.

"Mwangaluka, Mama Juliana. Leo sikushushii maji."

"Mwangaluka. Kwa nini? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Mapipa yamejaa. Kila Jumatano nayakuta yamejaa. Siku hizi nikitoka kisimani Jumatano naanzia kwa mama lishe, kwako napita kusalimia tu." Akapangusa jasho. "Jumanne huwa unamwogesha nani?"

Martina alicheka, kisha akaacha kucheka. Angeulizwa ni wateja wangapi kwa siku angesema "wengi," au siku nyingine "si haba." Miaka mitatu alikuwa amekaa palepale mlangoni akipokea noti, na hakuwahi kujua ni nani anakuja saa ngapi. Alijua tu kwamba fedha ilikuwa inapatikana Jumamosi na inapotea katikati ya wiki, akadhani ni matumizi yake mwenyewe.

Basi akaanza kuhesabu. Njia aliyoitumia ilikuwa tayari mikononi mwake. Mteja akilipa, Martina alimpa kizibo cha soda. Mteja akakipeleka kwa Vumilia, mwanamke aliyemlipa kwa siku kuchochea moto na kuteka maji, na Vumilia hakuteka bila kizibo. Zamani vizibo vyote vilirudi kwenye beseni moja. Sasa Martina akaweka makopo matatu ya maziwa ya unga: la kwanza la alfajiri mpaka saa tatu asubuhi, la pili la kuanzia saa tatu mpaka saa kumi, la tatu la saa kumi mpaka saa mbili usiku. Kila siku walipofunga, alihesabu kila kopo na kuchora vijiti kwa mkaa kwenye bati la ukutani, siku chini ya siku.

Hapo ndipo alipokosea kosa la wachimbaji, la kudhani siku ya bahati ndiyo kila siku. Wiki aliyoanza kuhesabu ndiyo wiki ambayo duara la Mzee Jilala lilitema. Mzee Jilala alikuwa na wachimbaji ishirini, na duara likitema Kasubuya nzima inanukia pesa: watu wanaoga mara mbili kwa siku, wanaogea kwenda kunywa, wanaogea kwenda kwa wanawake. Makopo yote matatu yalifurika. Jumanne ikawa na vizibo thelathini na nane.

"Umeona?" Martina alimwambia Bartholomeo, kidole kwenye vijiti. "Jumanne yako hiyo."

Bartholomeo alitazama ukuta. "Hiyo si wiki, Mama Juliana. Hiyo ni harusi. Endelea kuhesabu mpaka harusi iishe."

Alimchukia kidogo, lakini akaendelea. Wiki ya pili, ya tatu, mpaka ya nane. Harusi iliisha. Ukutani vijiti vikaanza kupanga mstari wao wenyewe, na hata mtu asiyejua kusoma angeuona. Kopo la asubuhi lilikuwa zito: watu wa zamu ya usiku wakipanda. Kopo la jioni lilikuwa zito zaidi. Kopo la mchana lilikuwa na vizibo viwili, vitatu, siku nyingine sifuri. Na Jumanne, makopo yote yalilia kama debe tupu. Sita. Nane. Tano. Saba.

Sababu yenyewe ilikuwa wazi kama jua, ukishaitafuta. Jumanne ni siku ya mnada wa ng'ombe, kijiji cha pili. Nusu ya Kasubuya inakwenda huko kula nyama choma na kununua nguo, na wasiokwenda ni wale ambao Jumapili imewamaliza mifuko, wanaojimwagia maji baridi ya bure nyuma ya karasha, mashine ya kusaga mawe. Jumatano asubuhi mnada bado umewalaza. Wanazinduka Jumatano jioni.

Alikaa na Vumilia wakapiga hesabu, na hapa Martina alikuwa makini, kwa sababu mwanzoni alitaka kutia kila kitu. "Kodi ya kiwanja usiitie," Vumilia alimwambia. "Kodi tunalipa tukifungua tukifunga. Tia vile tunavyotumia tukifungua tu." Kuni za siku nzima, elfu kumi. Maji, elfu mbili. Ujira wa Vumilia, elfu saba. Sabuni kidogo. Jumla elfu kumi na tisa na ushei, ili kukusanya elfu saba. Kila Jumanne alikuwa akilipa elfu kumi na mbili kwa ruhusa ya kukaa mbali na mwanawe.

Aliinamisha kichwa juu ya vizibo. Vumilia alidhani amesikitikia pesa.

Hakusikitikia pesa. Alikuwa anakumbuka mwezi wa nne mwaka uliopita, Juliana alipolazwa kwa malaria pale Ushirombo, bibi akapiga simu asubuhi, kisha mchana, na mara zote mbili Martina akasema nitatuma hela, siwezi kuacha moto. Alituma hela. Mtoto alipona bila yeye. Sasa akauliza kwa sauti ndogo, "Vumilia, ile siku mtoto alipolazwa, ilikuwa siku gani?"

"Si ndiyo siku ile shangazi yangu aliniletea zile khanga kutoka mnadani?"

Mnadani. Jumanne. Martina akainuka, akaenda ndani ya kibanda cha nne, akafunga mlango wa bati na kulia huko peke yake, analia kwa hasira zaidi ya huzuni. Mtoto alikuwa anatetemeka kwa homa akimwita, na yeye alikuwa anachemshia maji watu sita.

Lakini kuona hasara ni jambo moja na kuzima moto ni jambo jingine. Alianza na mchana, maana aliogopa. Alimwomba Bartholomeo, mwenye mwandiko mzuri, aandike kwenye ubao: *Maji ya moto: alfajiri saa 11 hadi saa 3. Jioni saa 10 hadi saa 2.* Na yeye mwenyewe akakaa mlangoni wiki nzima akimweleza kila mteja kwa mdomo, mmoja mmoja: ndugu yangu, majivu ya mchana hapa si nuksi, ni saa ya mapumziko, ukija saa kumi maji yatakuchubua. Walinung'unika. Mmoja alikwenda kwa Bhoke kwa kelele, akarudi kesho yake kimyakimya. Baada ya wiki mbili kopo la mchana halikuwapo tena, ila lile la jioni lilikuwa limeongezeka vizibo viwili au vitatu. Wale watu wa mchana hawakupotea, walijisogeza tu. Na kuni zilipungua karibu nusu.

Hapo akapiga moyo konde. Alimwita Vumilia kwanza, kwa sababu Jumanne ya Martina ilikuwa ugali wa Vumilia.

"Nikifunga Jumanne na Jumatano asubuhi, wewe unapoteza ujira wa siku na nusu."

"Jumanne shangazi ananitaka mnadani nimsaidie kuuza mitumba," Vumilia alisema. "Miaka yote namwambia siwezi, Mama Juliana hazimi moto." Akacheka mpaka akajishika mbavu. Ikabaki nusu ya siku ya Jumatano, na Martina akaifidia kwa kumwongezea kidogo Jumamosi, siku iliyowachosha wote wawili.

Bartholomeo akaongeza mstari wa mwisho ubaoni: *Jumanne hatuchemshi. Jumatano tunafungua saa 10 jioni.* Martina akapiga simu Ushirombo. Akamwambia Juliana kuanzia wiki ijayo atakuja kila Jumanne, atalala, ataondoka Jumatano mchana.

"Kila Jumanne?" mtoto akauliza.

"Kila Jumanne."

"Haya," alisema Juliana, sauti ile ya mtoto aliyeahidiwa vitu vingi na watu wazima. Akampa bibi simu.

Ile "haya" ilimfuata Martina siku zote zilizobaki.

Jumatatu jioni, mkoba umeshafungwa, ndani yake gauni jipya alilolinunua kwa kukisia urefu, Mzee Jilala mwenyewe akafika. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, asiyezoea kukataliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu. Duara limetema tena." Alitabasamu mpaka meno ya dhahabu yakaonekana. "Kesho vijana wangu wote ishirini wanatoka asubuhi. Hakuna kwenda mnadani, nimewakataza, mnunuzi anakuja saa tano na nataka awakute wasafi. Washa mapipa yote mawili." Akachomoa noti. "Hii elfu arobaini. Mara mbili ya bei. Nalipa sasa hivi."

Martina alizitazama zile noti. Hakuna haja ya kumpamba: alizitaka. Elfu arobaini Jumanne, siku iliyokuwa ikimla. Akili ikaanza kumshawishi kwa lugha tamu. Ni wiki moja tu. Mtoto amengoja miaka mitatu, wiki moja ni nini? Na tena vijiti vya ukutani havikusema Jumanne itakuwa mbaya milele. Vilisema huwa mbaya. Kesho haikuwa "huwa." Kesho ilikuwa na watu ishirini wenye majina.

Vumilia alikuwa amesimama nyuma na ndoo mkononi, amemkodolea macho.

"Mzee," Martina alisema, "kesho hatuchemshi."

"Sijasema bure, nimesema mara mbili ya bei."

"Nimesikia. Imeandikwa pale. Nikichemsha kesho kwa ajili yako, keshokutwa ubao ule hauna kazi, kila mtu atakuja kugonga Jumanne." Hiyo ilikuwa sababu ya biashara na ilikuwa kweli. Akaona haitoshi, akaongeza ile nyingine. "Na mwanangu ananingoja."

Jilala alizirudisha noti mfukoni polepole. "Nitawapeleka kwa Bhoke."

"Sawa, mzee."

"Wakizoea kule hawatarudi."

"Labda."

Jilala akaondoka bila kuaga. Vumilia aliweka ndoo chini, akazoa majivu akayamwagia maji, na moshi wa mwisho ukapanda. Martina hakulala. Aliwaza watu ishirini wakipanga mstari kwa Bhoke, mara tatu kwa wiki, mwezi mzima, mwaka mzima. Alfajiri alipanda gari na hofu hiyohiyo ikakaa naye kiti kimoja mpaka Runzewe.

Alifika Ushirombo saa nne na nusu asubuhi. Mtoto alikuwa shule. Hilo nalo alilijua, siku zake za faida ndizo ambazo mwanawe angekuwa nyumbani mchana kutwa, na hakuna ukuta wa vijiti ambao ungeweza kulibadili. Alimsaidia mama yake kupalilia mihogo. Alifua. Alisimama barabarani mara tatu kabla ya wakati.

Juliana akatokea saa tisa, na wenzake wawili, sare imechafuka, miguu mirefu kuliko alivyokisia. Gauni lililokuwa mkobani lingekuwa fupi. Martina aliliona hilo kwa mbali, kabla hajauona uso, na likamchoma vibaya. Mtoto alimwona, akapunguza mwendo, akaagana na wenzake, akaja taratibu kama mtu anayekwenda kwa mgeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Walisimama hivyo. Martina alitaka kumnyakua, akaogopa kumtisha. Bibi alikuwa mlangoni akiwatazama na kuukumbatia ungo.

"Bibi alisema umefunga kwa sababu Jumanne hakuna wateja," Juliana alisema. Hakulaumu. Alikuwa anataka tu kujua mambo yalivyo. "Kwa hiyo unakuja kwetu siku ambayo hawapo."

Martina alipiga magoti pale kwenye vumbi ili macho yao yalingane. Angeweza kupamba. Hakupamba.

"Ndivyo nilivyopanga. Lakini leo walikuwepo."

"Wangapi?"

"Ishirini. Na walitaka kulipa mara mbili."

Juliana alimtazama. Akahesabu vidole vyake vyote kumi, akarudia tena kumi, midomo ikicheza bila sauti, mpaka akafika.

"Wote ukawaacha?"

"Wote."

Mfuko wa madaftari ukaanguka chini. Martina aliupokea uzito wa mwanawe kifuani, mzito kuliko alivyoukumbuka, mzito mno, na hakujua kama kesho jioni angekuwa na wateja.